Mtambo wa kampuni usikae kichwani mwa fundi mmoja

Mwaka juzi kampuni moja ndogo ya uwakala wa forodha pale Namanga, yenye watumishi kumi na mmoja na ofisi pande zote mbili za mpaka, ilikaa siku tisa bila mfumo wake wa kufuatilia mizigo. Hakuna mwizi aliyeingia wala umeme haukukatika. Mhasibu aliona ankara ya kompyuta za kukodi imepanda, akamwomba kijana wa mitambo afute zile zisizotumika. Kijana akafuta moja iliyokuwa ikitumika.

Nilikuwa miongoni mwa mafundi walioitwa. Kumbukumbu za mizigo zilikuwa salama kwa sababu hifadhidata ilikuwa kwenye mashine nyingine. Tatizo lilikuwa seva iliyofutwa: hakuna aliyejua ilijengwa vipi. Aliyeijenga alikuwa ameshapata kazi kwingine, na aliijenga kwa kubofya kurasa za kampuni ya kukodisha kompyuta. Leo alifungua mlango huu wa mtandao, kesho akabadili ule, na hakuandika popote. Siku tisa zikaisha tukibahatisha. Wateja wenye malori walipiga simu kuulizia hati zao, na karani akarudi kupekua mafaili ya karatasi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa mpakani tunalijua hilo kwa bidhaa na fedha, lakini tumelisahau kwa mitambo inayotunza hesabu zetu. Msimamo wangu ni huu: kampuni yoyote, hata yenye watu watano, ikishakodi seva na hifadhidata, isikubali zijengwe kwa kubofya. Zijengwe kwa maandishi, na maandishi hayo yawe mali ya kampuni.

Nieleze maana yake. Zipo programu ambazo kazi yake ni kusoma faili lililoandikwa na fundi, kisha kujenga kilichotajwa humo. Inayojulikana zaidi ni Terraform, iliyotoka mwaka 2014. Mwaka 2023 wenyewe walipobadili masharti ya leseni, likazaliwa tawi lake lenye leseni huria liitwalo OpenTofu. Kwa kampuni ndogo yoyote kati ya hizo inatosha, na programu yenyewe hailipiwi. Hivi ndivyo hifadhidata ya kampuni ile ilivyoandikwa baadaye, mistari michache nikiwa nimeiacha:

```
resource "aws_db_instance" "mizigo" {
  engine                  = "postgres"
  instance_class          = "db.t3.micro"
  allocated_storage       = 20
  publicly_accessible     = false
  backup_retention_period = 7
  deletion_protection     = true
}
```

Hata asiye fundi anaweza kufuata. Hifadhidata ni ya aina ya PostgreSQL, mashine yake ni ndogo, na nafasi yake ni gigabaiti 20. Haifikiki moja kwa moja kutoka mtandao wa nje. Nakala za akiba hutunzwa siku 7, na mtu akijaribu kuifuta, kampuni ya kukodisha itakataa. Seva nayo ina mistari yake, na mtandao una yake: mlango upi uko wazi, na kwa nani. Mtu akiacha mlango wa hifadhidata wazi kwa dunia nzima, kosa hilo linaonekana kwenye maandishi kabla halijafanyiwa kazi.

Najua jibu la wengi: sisi ni wadogo, mambo hayo ni ya mabenki. Kwa sehemu wana haki. Kama biashara yako yote iko kwenye simu na jedwali la hesabu, hili halikuhusu bado. Lakini benki ina mafundi ishirini, na mmoja akiondoka wamebaki kumi na tisa. Kampuni ya Namanga ilikuwa na mmoja. Udogo wenu ndio unaofanya maandishi yawe ya lazima.

Baada ya siku zile tisa, tuliandika upya kila kitu kwa muda wa wiki tatu. Kisha tukafanya jaribio ambalo ningependa kila mwenye kampuni alidai: tukajenga mtambo wa pili, pembeni, kutoka kwenye maandishi matupu. Hapa kuna jambo ambalo watu hulikosea. Maandishi yanajenga ghala, hayarudishi mzigo uliokuwa ndani yake. Kumbukumbu za wateja hutoka kwenye nakala ya akiba, kwa hiyo hifadhidata ya majaribio tuliianzisha kutoka kwenye nakala ya usiku uliotangulia. Baada ya dakika arobaini tulikuwa na mtambo kamili. Karani akahesabu mizigo ya mwezi huo kwenye mfumo wa zamani na mpya, na hesabu zikalingana.

Hata hivyo jaribio lilifichua mapungufu mawili. Cheti cha usalama cha tovuti kilikuwa kimewekwa kwa mkono, na ripoti inayotumwa kwa madereva kila saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imepangwa ndani ya seva ya zamani tu. Vyote viwili havikuwa kwenye maandishi. Bila jaribio tungevigundua siku ya msiba. Tukaviandika, tukajenga tena, kisha tukaifuta nakala ya majaribio jioni ile ile ili isiendelee kulipiwa.

Sasa niseme upande wa hatari, maana kalamu inayojenga haraka inabomoa haraka pia. Kabla ya kufanya lolote, fundi huandika amri `terraform plan`, na programu humwonyesha inachokusudia kufanya. Ni kama ofisa wa forodha anavyolinganisha orodha ya mzigo na kilichomo kwenye lori kabla ya kuinua kizuizi. Akiridhika huandika `terraform apply`, na hapo kazi inafanyika kweli.

Miezi michache baadaye, kijana mpya alitaka hifadhidata isimbwe, ili mtu asiyehusika asiweze kusoma yaliyomo. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Akaongeza mstari mmoja, na programu ikamjibu hivi:

```
  # aws_db_instance.mizigo must be replaced
-/+ resource "aws_db_instance" "mizigo" {
      ~ storage_encrypted = false -> true # forces replacement

Plan: 1 to add, 0 to change, 1 to destroy.
```

Mstari wa mwisho unasema kitakachoongezwa ni kimoja, kitakachobadilishwa hakuna, na kitakachobomolewa ni kimoja. Yaani hifadhidata yenye kumbukumbu zote ingefutwa, na mpya, tupu, ingejengwa mahali pake. Sababu ni kwamba kampuni ya kukodisha hairuhusu kusimba hifadhidata ambayo tayari ipo. Njia sahihi ni kuchukua nakala yake, kuinakili nakala hiyo ikiwa imesimbwa, kisha kuanzisha hifadhidata mpya kutoka humo. Kijana alisoma jibu lile, akanipigia simu. Angelipuuza, ulinzi wa `deletion_protection` ungekataa ufutaji. Tukaongeza kufuli la pili ndani ya maandishi:

```
lifecycle {
  prevent_destroy = true
}
```

Maadamu mistari hiyo bado imo kwenye maandishi, programu yenyewe hukataa mpango unaobomoa hifadhidata. Neno la kukumbuka hapa ni `destroy`. Namba iliyo mbele yake isipokuwa sifuri, kazi isimame hadi mtu wa pili asome na aelewe ni nini kinachobomolewa.

Hatari nyingine iko kwenye faili liitwalo `terraform.tfstate`. Humo programu huweka kumbukumbu ya kila ilichokijenga. Fundi wengi wanaoanza huliacha kwenye kompyuta yao mpakato. Kompyuta ikiibwa ndani ya basi, mtambo utaendelea kufanya kazi, lakini programu haitautambua tena. Dalili yake ni rahisi: mtambo upo na unafanya kazi, ila mpango unasema vyote ni vya kuongezwa, kana kwamba hakuna kitu. Akiendelea hapo, atajikuta anajenga vya pili kando ya vya kwanza au anakumbana na makosa ya majina yanayogongana. Faili hilo likae kwenye stoo ya mafaili ya kampuni, inayotunza matoleo ya nyuma, na wasilifikie ila wanaohusika, kwa kuwa mara nyingi huwa na maneno ya siri yanayosomeka waziwazi.

Na adui wa mwisho ni mkono wa mtu. Usiku mmoja mfumo unasumbua, fundi anaingia kwenye kurasa na kubofya mlango ufunguke. Asubuhi anasahau. Kuanzia hapo maandishi yanasema hivi na mtambo uko vile, na siku ya kujenga upya mtarudi kwenye kubahatisha kulekule. Dawa ni kuendesha `terraform plan` kila wiki hata kama hakuna mabadiliko. Kila kitu kikilingana, jibu huwa hili:

```
No changes. Your infrastructure matches the configuration.
```

Basi ndugu mfanyabiashara, huhitaji kujifunza ufundi huu wewe mwenyewe. Unachohitaji ni kudai mambo matatu kabla hujamalizia malipo ya fundi. Kwanza, akaunti ya kampuni ya kukodisha kompyuta, mahali maandishi yanapotunzwa na faili la kumbukumbu viwe kwa jina na barua pepe ya kampuni, visiwe vya fundi. Pili, akae mbele yako, aendeshe `terraform plan`, na wewe uone kwa macho yako jibu hilo la kwamba hakuna mabadiliko. Tatu, ajenge nakala nzima kutoka kwenye maandishi na nakala ya akiba, karani wako ahesabu kumbukumbu, na jambo hilo lirudiwe walau mara moja kwa mwaka.

Fundi mzuri hatakasirika, maana anajua maandishi yanamlinda naye pia: mtambo ukiharibika akiwa likizo, hatapigiwa simu usiku kuulizwa alibofya wapi. Fundi akikataa, muulize sababu. Huenda anachokificha ni kwamba bila yeye hamwezi kuendelea.

Ile kampuni ya Namanga imebadilisha fundi mara mbili tangu wakati huo. Kila mara makabidhiano yamechukua mchana mmoja, na malori hayajasubiri.