Bango lako ni kali, lakini shosho hawezi kulisoma

Wacha nianze na kesi yangu mwenyewe, ndio msiseme nawarushia mawe nikiwa nyumba ya glasi.

Mwaka jana nilitengenezewa kazi ya bango la kambi ya macho. Shilingi 1,500, malipo kabla. Kambi ilikuwa Jumanne, ikaahirishwa hadi Alhamisi, na mteja akataka bango jipya haraka liende kwa magrupu ya WhatsApp. Nikaliweka herufi kubwa zote, zimelazwa, pande zote mbili zimenyooka kama ukuta. Likakaa fiti sana. Nilipata mioyo na mioto kwa komenti.

Shosho wangu alilipata kwa grupu ya kanisa. Jumanne akapanda boda, mia mbili kwenda, mia mbili kurudi, akakuta geti limefungwa. Nilipompigia akaniambia, "Mjukuu wangu, niliona kumeandikwa Jumanne." Na kweli kulikuwa kumeandikwa Jumanne. Angalia:

KAMBI YA MACHO ILIYOKUWA IMERATIBIWA KUFANYIKA JUMANNE TAREHE 12 IMEAHIRISHWA NA SASA ITAFANYIKA ALHAMISI TAREHE 14

Mtu mwenye mtoto wa jicho, bango la kumpeleka kwa daktari wa macho, na mimi ndiye niliyemfungia njia. Kwa hivyo nikisema madisaina tumekosa, najihesabu wa kwanza.

Sasa njoo tuongee kuhusu hizo herufi kubwa. Najua mtasema, "Nimeweka kubwa ndio ionekane." Buda, kuonekana si kusomeka. Kwa herufi ndogo, b na h zinapanda juu, g na p zinashuka chini, kwa hivyo kila neno lina milima na mabonde. Kwa herufi kubwa zote zina kimo kimoja, na mstari unakuwa tofali moja refu. IMERATIBIWA na IMEAHIRISHWA kwa Kiswahili zinaanza sawa na kumalizika sawa. Ukizifanya matofali, mtu anayesoma polepole inabidi ahesabu herufi moja moja. Shosho alishika neno fupi la kwanza alilolitambua, ambalo ni JUMANNE, akaachana na mengine. Si ujinga huo. Hata wewe ukiwa umechoka unasoma hivyo. Ukitaka kitu kionekane, kiongeze saizi, kikoleze wino, kipe mstari wake peke yake. Herufi kubwa ziwache kwa vifupisho kama SHA na KRA.

Herufi za mlazo ndizo ugonjwa wa pili. Huko Uhispania, Luz Rello na Ricardo Baeza-Yates walitoa utafiti mwaka 2013 wakifuatilia macho ya watu 48 wenye disleksia wakisoma fonti tofauti. Zile za mlazo ziliwapunguzia usomaji. Zilizofanya vizuri ni za kawaida kabisa: Arial, Verdana, Helvetica, hata Courier. Na kabla hujakimbia kudaunlodi OpenDyslexic ujione umemaliza kazi, hiyo nayo ilijaribiwa hapo hapo na haikuwafanya wasome haraka zaidi. Hakuna fonti ya miujiza. Kuna fonti ya wima, safi, na nafasi ya kutosha. Kwa wazee sababu ni nyingine lakini mwisho ni ule ule: mlazo mara nyingi huja na vistari vyembamba, na jicho lenye ukungu hupoteza vyembamba kwanza.

Binamu yangu ana disleksia. Shuleni walimwita mvivu miaka mingi, mpaka akaamini. Yeye huniambia mistari ikibanana, "inakanyagana": akimaliza mmoja, jicho linarudi kwa ule ule ama linaruka wa pili. Dawa yake iko kwa programu yako ya kudisaini, pale pa nafasi kati ya mistari. Weka 1.5, yaani mara moja na nusu ya saizi ya herufi. Chama cha Disleksia cha Uingereza kinapendekeza hivyo, na miongozo ya wavuti ya WCAG pia inaitaja hiyo 1.5. Usiende mpaka 3 ukidhani unasaidia, kwa sababu mistari ikiachana sana, sentensi inavunjika na kila mstari unasimama kama tangazo lake.

Halafu hii ya kunyoosha pande zote mbili. Kiingereza kina maneno mafupi, kinaweza kuficha hilo kosa. Kiswahili hakifichi. Chukua bango lenye herufi 26 kwa mstari: "Wote watakaohudhuria" ni nafasi 20, na "wanakumbushwa" haitoshei hapo, inashuka. Programu ikilazimishwa kujaza ukuta, inachukua zile nafasi sita zilizobaki inazitupa zote katikati ya maneno mawili. Sasa una shimo la upana wa herufi saba. Mstari unaofuata, "wanakumbushwa kubeba", una shimo lingine kama hilo, mahali pengine. Binamu yangu akifika kwa shimo anafikiri sentensi imeisha. Panga kushoto, upande wa kulia uachwe na meno. Hayo meno ndiyo yanamwambia jicho lake ni mstari gani ametoka. Na usiweke katikati maandishi marefu, maana kila mstari ukianza mahali tofauti, jicho halijui pa kurudi.

Wasee watasema, "Lakini nafasi haitoshi." Hapa ndio ukweli ulipo. Chama kile cha Uingereza kinataka pointi 12 hadi 14. Fungua bango lako kwa simu, usilikuze, chukua rula, pima kutoka kichwa cha b hadi mkia wa g. Kwa pointi 12, Arial, ni kama milimita 4. Langu lilikuwa milimita moja na nusu! Kwa bango la mraba la pikseli 1080, kwa simu inayolionyesha kwa upana wa sentimita 6 na nusu, hiyo pointi 12 ni karibu pikseli 70. Ukiacha pambizo na kuweka nafasi ya 1.5, unabaki na mistari minane, herufi kama 26 kila mmoja. Basi. Hayo ndiyo maneno uliyonayo.

Kwa hivyo kata. Bango langu nililirudia hivi:

Kambi ya macho
imeahirishwa.
Sasa ni Alhamisi,
tarehe 14, saa 3 asubuhi.
Uwanja wa shule ya msingi.
Ni bure.

Neno Alhamisi likakolezwa. Jumanne haipo kabisa. Yale mengine, ya kubeba kitambulisho na nambari ya kupiga, niliyaandika kama ujumbe wa kawaida chini ya picha. Ujumbe unafuata saizi ya herufi aliyoweka shosho kwa simu yake, na simu inaweza kumsomea kwa sauti. Picha ni picha, akiikuza inakuwa ukungu.

Kuna mtu ataniuliza mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nina haki gani ya kufundisha watu wenye digrii ya disaini. Sina. Lakini nina rula, na nina shosho aliyelipa mia nne za boda kwa sababu ya bango langu. Alhamisi nilimpeleka mwenyewe. Kabla hujaposti bango la wiki hii, lipeleke kwa mtu mzee zaidi hapo nyumbani, bila miwani, umwambie akusomee siku na saa. Akikosea, usimrekebishe yeye. Rudi kwa laptop.