Foleni Moja ni Wizi

Wasee, acheni kuniambia eti wa kwanza kufika ahudumiwe ndiyo haki. Hapa Kangemi, skripti yangu hujibu komenti za YouTube za wateja 20. Mradi mmoja kwa kawaida hupewa uniti 10,000 kwa siku. Jibu moja hula 50, so tunagawana majibu yasiyozidi 200. Juzi msanii mmoja alikuja na komenti 300 akameza zote. Wengine 19, komenti nne nne tu, wakaona `quotaExceeded` hadi kesho yake.

Sasa kila mteja ana foleni yake, na skripti inazunguka: jibu moja, inahamia kwa mwingine. Wale 19 wanamalizana na 76, msanii bado anapata karibu 120. Analia eti analipa zaidi? Sawa, zamu mbili kila mzunguko. Si siku nzima, bro.