Mstari Mrefu Si Ukweli

Mwandishi mmoja aliyeshauri kwamba fotokopi chafu za mtaa wa Wandegeya, Kampala, zitibiwe kwa kupandisha urefu wa chini wa mstari unaokubaliwa na programu ya kutambua majedwali ameligeuza tatizo kichwa chini. Michirizi ndiyo mistari mirefu kuliko yote.

Tuchukue karatasi ya A4 yenye jedwali la alama, iliyoskaniwa kwa 300 dpi: urefu wake ni pikseli 3508 hivi. Jedwali la sentimita 20 lina mistari wima ya pikseli 2362. Mchirizi uliotokana na uchafu kwenye kioo chembamba cha kilisha-karatasi hupita ukurasa mzima. Ukikaza kigezo hicho cha urefu, mistari halisi hufa kwanza, huku mchirizi ukibaki na kuigawa safu ya majina vipande viwili.

Kinachoutambulisha mchirizi ni mahali unapoishia. Mstari wa jedwali husimama unapokutana na mistari ya mlalo ya juu na ya chini; mchirizi huendelea hadi pambizoni. Ila ukififia njiani na kukatika, kipimo hiki hakitoshi.

Ukingo mweusi wa fotokopi ni suala jingine. Wengi hufuta weusi wote unaogusa ukingo wa picha, na jedwali lililoshikamana nao hufutika lote. Pima unene kwanza: ukingo wa milimita 5 ni pikseli 59, mstari wa jedwali ni nne hivi. Tenga kilicho kinene kuliko pikseli 20, ukifute hicho peke yake, ndipo utafute mistari.