Usifute 94

Wadau, nipo likizo nyumbani Mjimwema, naandika ripoti ya praktiko niliyofanyia hapa hapa. Siku ile maji yalichemka, themometa ikagoma kwenye 94. Nikaandika 94°C, halafu kwa woga nikakata nikaweka 100 ya kitabuni. Bahati nzuri nilikata kwa mstari mmoja, tarehe na saa pembeni, kwa hiyo 94 bado inasomeka. Kumbe ndiyo yenyewe! Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa mdogo, maji huchemka mapema (baridi ya huku haihusiki). Themometa nimeitia kwenye barafu inayoyeyuka, ikasoma 0. Nimeirudisha 94, nikaweka tarehe ya leo na sababu. Mnaochana kurasa mnanishangaza, ripoti mnaitoa wapi?