Akika Alhamisi, tohara isubiri



Ukiishi Sigor unajua shule zikifungwa mwisho wa mwaka kinachofuata. Vijana wa majirani wanaingia menjo, na wewe uliyetahiriwa ukiwa mchanga unaulizwa, "Kwani wewe ulienda lini?" Usione haya. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi hapa Kenya, tohara ya mvulana ni wajibu. Siku ya saba inapendekezwa tu, na mtoto dhaifu anasubiriwa.

Hapo ndipo tunapokosea. Tunafunga tohara na akika kana kwamba ni kitu kimoja. Tuseme mwanao amezaliwa Ijumaa, na Alhamisi ndiyo siku ya saba. Mbuzi wawili wapo, wageni wako njiani, lakini macho ya mtoto yana manjano na hanyonyi vizuri. Chinja mbuzi, mnyoe nywele, mpe jina, watu wale. Kisu cha tohara kirudi kwenye mfuko mpaka daktari aseme yuko sawa. Hakuna aliyevunja sunna hapo.

Hata mtoto mwenye afya akaguliwe kwanza. Tundu la mkojo liko kwenye ncha? Likiwa upande wa chini, msikate kabisa: ile ngozi huenda ikahitajika kwenye upasuaji wa kumrekebisha. Halafu muulize mama mtoto kuhusu kaka zake na wajomba zake. Kuna waliovuja damu bila kukoma baada ya jeraha dogo au kung'olewa jino? Ugonjwa wa damu kutoganda hupitia kwa mama, kwa hiyo ukoo wa baba pekee hautakujibu. Jibu likiwa ndiyo, apimwe damu hospitali kwanza.

Anayekata awe daktari au afisa wa kliniki aliyefunzwa kazi hii kwa watoto wachanga. Akiwa Muislamu ni vizuri, lakini mkono wake ndio muhimu. Vifaa vifunguliwe mbele yako, ganzi itumike, na kama kuna watoto wawili siku hiyo, wembe wa mmoja usimguse mwingine. Kwa hilo usione aibu kuuliza, hata kama ni mzee anayeheshimika.

Nyumbani andaeni nepi safi, shashi na mafuta ya mgando ili kidonda kisigande kwenye nepi. Majivu, samadi na dawa za unga hapana. Pepopunda huingilia hapo. Utando wa njano kwenye kichwa cha uume siku za kwanza si usaha, msiusugue. Lakini damu ikiendelea kutoka baada ya kubana kwa dakika 10, asipokojoa kwa saa 12, akipata homa, au wekundu ukipanda kuelekea tumboni, mkimbizeni hospitali ya Sigor au Longisa usiku huohuo. Pesa ya boda na kadi ya kliniki ziwekwe pamoja kabla mbuzi hajachinjwa.