Msituletee Kiswahili kilichoiva Dar es Salaam

Kila mara tukilalamika kwamba matangazo ya hapa Dzaleka hayasomeki, jibu linatoka Lilongwe ni lile lile: tutatafuta mtafsiri mzuri. Mimi nasema shida siyo mtafsiri. Shida ni kwamba hakuna ukurasa mmoja unaosema sisi hapa tunaandikaje: saa tunaandika vipi, namba vipi, herufi kubwa wapi, na neno gani la kigeni tunakubali. Bila huo mwongozo kila mtafsiri anaanza upya, na kila ofisi ina Kiswahili chake.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo watu wanaumia. Mkongo na Mrundi wanahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kama Mtanzania. Mmalawi anahesabu kama Mwingereza. Sasa tangazo la Kiingereza linasema 8:00 am, mtu anaandika "saa 8:00". Mama anasoma, anajua ni mchana, anapika kwanza, anafika saa 8 mchana na mlango umefungwa. Nimeona hivyo, na ofisi ikamwandika kwamba hakuja. Kanuni inayotosha ni hii: andika saa ya Kiswahili, taja wakati wa siku, halafu weka ya simu kwenye mabano: saa 2 asubuhi (08:00). Simu ya kila mtu inaonyesha hiyo ya pili, basi hakuna ubishi.

Namba nazo zina mtego. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, mkato ndio unatenga nusu. Ukiniandikia 13,500 naweza kusoma kumi na tatu na nusu. Aliyesoma hapa Malawi anasoma elfu kumi na tatu na mia tano. Nukta nayo inageuka hivyo hivyo. Kwa hiyo mwongozo usichague upande wowote: maelfu yatengwe kwa nafasi tupu, 13 500, na nusu iandikwe kwa maneno, kilo 13 na nusu. Angalieni jambo moja tu: nafasi hiyo ikiangukia mwisho wa mstari, 13 inabaki juu na 500 inashuka chini. Kwenye Word bonyeza `Ctrl+Shift+Space` badala ya nafasi ya kawaida, namba haitakatika.

Herufi kubwa ni jambo dogo. Kifaransa kilituzoesha kuandika siku, miezi na lugha kwa herufi ndogo, ndiyo maana unaona "jumatatu" na "kiswahili". Iwe Jumatatu, Januari, Kiswahili. Tumemaliza.

Tahajia, nakubali tufuate Kiswahili sanifu, hata kama kilipangwa na kamati ya mwaka 1930 juu ya lahaja ya Unguja na sisi wa Kivu hatukuulizwa. Andika fedha, mwenye kusema "feza" atasoma feza na hatapotea. Lakini l na r zisichezewe: tangazo la uchaguzi likisema watu waje "kupiga kula", watacheka, halafu wengine watauliza chakula kiko wapi.

Ila kwenye maneno, hapo usanifu hautuokoi. Ofisi inamwambia mzee "kesi yako imefunguliwa". Kwetu kesi ni ya mahakamani. Mzee halali, anajiuliza nani amemshtaki, kumbe ni faili lake tu! Basi iandikwe faili. Au "ofisi ya ulinzi": watu wanadhani wanakaa askari wa getini, na msichana aliyepigwa nyumbani anapita mlango bila kuingia. Iandikwe "ofisi ya kusaidia walio hatarini", ni ndefu lakini inafungua mlango. Na "usaili"? Ni neno safi, hapa halijulikani. "Mahojiano" yananuka polisi. Watu wote wanasema intavyu, basi tuandike intavyu, jamani, nani atakufa?

Mtaniuliza nani ataamua. Chukueni matangazo 20 ya zamani, zungushieni duara kila neno lililoandikwa kwa namna mbili. Halafu wasomeeni watu wa Uvira, Bukavu, Bujumbura, vijana na wazee. Msiulize "umeelewa?", kila mtu atasema ndiyo kwa heshima. Ulizeni "sasa utafanya nini, na utakuja lini?" Jibu likitofautiana, neno hilo linaingia kwenye mwongozo pamoja na kanuni yake.

Ukurasa uwe mmoja, uwe na tarehe juu, na mtu mmoja wa hapa kambini autunze. Nasema wa hapa, na alipwe. Ninyi wa Lilongwe mnaolipa mtafsiri kwa kila neno, mlipeni na huyu anayewaambia ni neno gani.