Wangapi Wamepita? Majibu kwa Wanaoubeza Mkunjo Limbikizi

Muhula ukifungwa, hoja ni zilezile katika vyumba vya walimu vya Merigi na katika mikutano ya wazazi ya Bomet na Kericho nzima. Nimezisikiliza kwa makini, na wewe msomaji bila shaka umezisikia. Zinahusu mkunjo wa idadi limbikizi, mchoro ule unaopanda kutoka kushoto chini hadi kulia juu, ambao kwao tunasoma mediani, robo na asilimia ya waliopita. Nitazieleza kama wenyewe wanavyozieleza, kisha nitazijibu. Uamuzi ni wako.

Ili tusibishane hewani, tuchukue kidato chenye wanafunzi 80 waliofanya mtihani wa hesabu wa alama 100. Nimeitunga mifano hii mwenyewe ili kila hatua iweze kuhakikiwa kwa kalamu. Walimu wameamua kwamba anayepata 45 na kuendelea amepita.

| Alama | Wanafunzi | Idadi limbikizi |
|---|---|---|
| 0–9 | 2 | 2 |
| 10–19 | 6 | 8 |
| 20–29 | 12 | 20 |
| 30–39 | 16 | 36 |
| 40–49 | 20 | 56 |
| 50–59 | 12 | 68 |
| 60–69 | 7 | 75 |
| 70–79 | 4 | 79 |
| 80–89 | 1 | 80 |

Hoja ya kwanza: wastani unatosha. Anayeishikilia husema kwamba wastani ni namba moja, mzazi anauelewa, na ndio unaotumiwa kupanga shule. Kwa nini basi tupoteze saa nzima na karatasi ya grafu? Hoja hii ina nguvu yake, kwani wastani ni rahisi na si uongo. Wastani wa kidato chetu ni 41.5. Sasa weka kando yake mkondo mwingine wa wanafunzi 80 ambao, kuanzia kundi la chini kabisa hadi la juu, umegawanyika hivi: 10, 12, 12, 6, 6, 10, 8, 8, 8. Wastani wake? Ni 41.5 vilevile. Kwa mtetezi wa wastani, mikondo hii miwili ni mamoja. Chora mikunjo yake uone. Katika mkondo wa kwanza, robo ya kwanza iko kwenye 29.5 na robo ya tatu karibu na 52.8, kwa hiyo nusu ya kati ya wanafunzi imo ndani ya alama 23 hivi. Katika mkondo wa pili, robo ya kwanza ni karibu 17.8 na robo ya tatu ni 64.5, pengo la alama 47 hivi, mara mbili ya lile la kwanza. Wanafunzi 20 wa mkondo wa pili wako chini ya alama 18. Hao wanahitaji kurudishwa kwenye sehemu na desimali, huku wenzao wa juu wakihitaji maswali magumu zaidi. Mwalimu aliyeangalia wastani peke yake ataingia katika madarasa yote mawili na somo lilelile. Francis Galton alilifahamu jambo hili mwaka 1875 alipopendekeza watu wapangwe kwa mfuatano, kisha achukuliwe wa katikati na wale wa robo. Hatukuvumbua mapambo hapa.

Hoja ya pili ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, na inatoka kwa walimu wenyewe. Inasema kwamba kila nukta ichorwe katikati ya kundi, kwa sababu katikati ndiyo inayowakilisha kundi zima. Wanaongeza kwamba ndivyo tunavyofanya tunapotafuta wastani, na ndivyo tunavyochora poligoni ya idadi. Yote mawili ni kweli, lakini hayahusiani na mkunjo huu. Idadi limbikizi haielezi kundi. Inaeleza kila aliyekuja kabla ya mwisho wa kundi. Mkulima wa chai akijumlisha kilo za majani alizopeleka kituoni tangu tarehe 1 hadi tarehe 10, jumla hiyo ni ya jioni ya tarehe 10. Akiiandika kwenye tarehe 5 atakuwa amedai kilo ambazo bado ziko shambani. Vivyo hivyo, 56 maana yake ni kwamba wanafunzi 56 wako chini ya 49.5. Ukiiweka juu ya 44.5 umesema kwamba wote 56 wamepata chini ya 44.5, na jedwali lako mwenyewe halisemi hivyo.

Tupime kosa hilo. Nukta zikiwa kwenye mpaka wa juu wa kila kundi, yaani 9.5, 19.5, 29.5 na kuendelea, tunapanda hadi 40 kwenye mhimili wa wima, ambayo ni nusu ya 80, tunakwenda kulia hadi kwenye mkunjo, kisha tunashuka. Mediani ni 41.5. Nukta zikiwa katikati ya makundi, hatua zilezile zinatupa 36.5. Mkunjo mzima umesogea kushoto alama tano, nusu ya upana wa kundi. Njoo sasa kwa waliopita. Mchoro sahihi unaonyesha 46 chini ya 44.5, kwa hiyo 34 wamepita. Mchoro wa katikati unaonyesha 56 chini ya alama hiyohiyo, na waliopita wanabaki 24. Watoto kumi wameangushwa na rula. Kosa hili hujifichua kwa urahisi: angalia mkunjo unafika 80 kwenye alama gani. Ukifika kileleni kwenye 84.5 ilhali kundi la mwisho linaishia 89, mchoraji ametumia katikati.

Wapo wanaochora kwenye 9, 19, 29 badala ya 9.5, 19.5, 29.5. Hao wanapotoka kwa nusu alama tu. Ni kosa, ila halilingani na lile la kwanza.

Hoja ya tatu husema mediani isomwe kwenye nafasi ya (n + 1)/2, yaani 40.5 na si 40. Kwa orodha ya alama halisi zilizopangwa moja moja, wako sawa: kati ya watu 80, mediani ni kati ya mtu wa 40 na wa 41. Lakini mbele ya mkunjo hatuna orodha tena. Tuna mstari usiokatika unaotoka sifuri hadi 80, na nusu yake ni 40. Anayebisha na achore mkunjo wa pili, ule unaohesabu kutoka juu kushuka, wa waliopata zaidi ya kila alama. Mikunjo hiyo miwili hukutana kwenye 40 hasa, juu ya 41.5. Akisoma 40.5 kwenye wa kwanza atapata 41.75, akisoma 40.5 kwenye wa pili atapata 41.25. Darasa moja, mediani mbili. Kila moja imepotoka kwa robo ya alama, nayo haionekani kwenye karatasi ambayo kisanduku chake kidogo cha milimita 2 ni alama nzima, kwa hiyo sitampigia kelele mwanafunzi aliyeifanya. Kanuni inayojipinga yenyewe, hata hivyo, haifai kufundishwa.

Hoja ya nne ni fupi na jibu lake ni fupi. Husema: panda kutoka alama ya kupita hadi kwenye mkunjo, soma kushoto, hao ndio waliopita. Ukifanya hivyo utatangaza 46 kati ya 80, asilimia 57.5. Mkunjo unahesabu walio chini. Hao 46 ndio walioanguka. Toa kwenye 80, wanabaki 34, asilimia 42.5. Shule iliyotangaza 57.5 imewaita washindi wale ilioanza kuwapangia masomo ya ziada.

Kosa hilohilo ndilo linalozaa sifa za uongo ukutani. Mzazi anaona mstari unaopanda na kusema shule inapanda. Mkunjo limbikizi hupanda daima, hata darasa lote likianguka, kwa sababu jumla haiwezi kupungua. Mkunjo ulio juu zaidi kwenye alama fulani ni wa darasa lenye wengi zaidi chini ya alama hiyo. Darasa lililofanya vizuri mkunjo wake umesogea kulia. Na palipo mwinuko mkali ndipo wanafunzi wamesongamana. Hapaonyeshi ubora wala udhaifu.

Hoja ya tano ndiyo ya wajuzi: kwamba mkunjo ni makadirio ya macho, ilhali fomula ya mediani inatoa jibu kamili, basi tuachane na mchoro. Tuitazame fomula:

39.5 + ((40 − 36) ÷ 20) × 10 = 41.5

Inaanza kwenye mpaka wa kundi, inahesabu wanafunzi wanne kati ya 20, na inachukua sehemu hiyohiyo ya upana wa kundi. Imedhani kwamba wale 20 wametawanyika sawasawa kati ya 39.5 na 49.5. Dhana hiyo ndiyo inayochorwa ukiunganisha nukta mbili kwa rula. Anayeikubali fomula na kuukataa mchoro amekikataa kile alichokwisha kukubali. Mkono ukitetemeka utakosea alama moja au mbili, nakubali. Lakini fomula haijui zaidi ya jedwali.

Na hapa ndipo ulipo udhaifu wa kweli, ambao wapinzani hawakuutaja. Msahihishaji anapokuta 43 au 44 huvutwa kumwongezea mwanafunzi afike 45. Ikiwa kati ya wale 20 wa kundi la 40–49 wapo 14 wenye 45 au zaidi, waliopita ni 38, si 34, na asilimia ni 47.5. Mkunjo hauwezi kuliona hilo, na fomula haiwezi. Dawa yake ni kulipasua kundi linalobeba alama ya kupita: 40–44 peke yake, 45–49 peke yake, na nukta ya ziada kwenye 44.5. Mstari ukilala kabla ya 44.5 kisha ukapanda ghafla baada yake, umeona mkono wa msahihishaji.

Ndugu mwalimu, kabla ya kubandika mchoro wa muhula huu ukutani, hakikisha mambo matatu: nukta ziko kwenye mipaka ya juu, kundi lenye alama ya kupita limepasuliwa hapo hapo kwenye alama hiyo, na idadi ya waliopita imepatikana kwa kutoa kutoka kwenye jumla.